Bafa ya MCP6002 iliyotikisika baada ya kufungwa kebo ya mita 30

Tangi la maji liko juu ya paa na chumba cha udhibiti kiko chini kabisa ya jengo. Chini ya tangi, ambalo kina chake cha maji hakizidi mita moja, kumefungwa sensa ya shinikizo MPX5010. Sensa hii hutoa volti 0.2 tangi likiwa tupu na volti 4.7 shinikizo likifika kPa 10, yaani mV 450 kwa kila kPa. Kwa maji, sentimita moja ya kina ni takriban mV 44. Pembeni ya sensa kuna bodi ndogo yenye opampu MCP6002, na nusu yake moja imefungwa kama bafa, yaani inatoa volti ile ile inayoingia: mlango wa kutokea umerudishwa moja kwa moja kwenye mlango hasi, na ishara ya sensa inaingia kwenye mlango chanya. Kutoka hapo kebo ya RG-58 ya mita 30 inateremka hadi chumbani na kuishia kwenye ADC ya ATmega328P, inayogeuza volti kuwa namba. Mwishoni mwa kebo yupo kapasita wa nF 6.8 na rizista ya kΩ 10 kwenda ardhini, ili kebo ikikatika usomaji ushuke hadi sifuri badala ya kuelea. Umeme wa volti 5 unatoka kwenye moduli ya LM2596.

Mezani, bila kebo, kila kitu kilitulia. Kebo ilipofungwa, usomaji wa ADC ulianza kuruka ngazi 12 au 13. Kila ngazi ni kama mV 4.9, kwa hiyo ni mV 60 hivi, zaidi ya sentimita moja ya maji, na kuruka huko hakukuwa na mpangilio wowote. Maltimita ilionyesha volti iliyotulia kabisa. Hapo ndipo mafundi wengi hupotea, kwa sababu maltimita kwenye kipimo cha DC huonyesha wastani tu, na mtikisiko wenye wastani wa sifuri hauonekani. ADC nayo inachukua sampuli polepole mno kuliko mtikisiko wenyewe, hivyo kila sampuli inaangukia mahali tofauti pa wimbi na namba zinaonekana kama kelele za bahati nasibu.

Dhana ya kwanza ilikuwa kwamba kebo inadaka kelele njiani, na dawa iliyojaribiwa ni ile ambayo mkono wa fundi huikimbilia: kapasita mkubwa zaidi, nF 100, mwishoni mwa kebo. Namba zikatulia. Lakini kila pampu ya maji ilipowaka au kuzimika, usomaji uliruka vibaya kuliko mwanzo. Nitarudi kwenye nF 100 hiyo, kwa sababu inadanganya kwa namna ambayo inafaa kuielewa.

Kutenganisha watuhumiwa wawili

Palikuwa na watuhumiwa wawili. LM2596 hubadilisha umeme kwa masafa ya kHz 150 na huacha viwimbi vya masafa hayo kwenye volti 5. Bafa nayo huenda ilikuwa inatikisika yenyewe. Njia safi ya kuwatenganisha ni kuondoa kabisa moduli na sensa, kulisha bodi kwa betri, kisha kuingiza kwenye mlango chanya wimbi mraba dogo la mV 100 la kHz 1 lililoinuliwa hadi katikati ya volti za usambazaji. Wimbi liwe dogo kwa makusudi. Volti ya mlango wa kutokea wa MCP6002 haiwezi kupanda kwa kasi zaidi ya takriban volti 0.6 kwa kila mikrosekunde, na ukiingiza wimbi la volti kadhaa utakuwa unapima ukomo huo wa kasi badala ya uthabiti wa kitanzi cha mrejesho, yaani njia inayorudisha ishara kutoka mlango wa kutokea hadi mlango hasi. Probu ya osiloskopu iwekwe kwenye mara 10, si mara 1, maana probu ya mara 1 nayo ni mzigo wa kapasitansi wa pF 100 hivi.

Bila kebo, kona za wimbi zilikuwa safi. Kwa kebo, kila ukingo ulipitiliza hadi karibu mV 170 kabla ya kurudi, ukashuka chini ya kiwango, ukapanda tena, na kuendelea hivyo kwa karibu kHz 180 hadi ulipofifia. Kisha ukaongezwa nF 10 wa pili sambamba na mzigo, na mtikisiko ukashuka hadi karibu kHz 130. Jaribio hili la mwisho ndilo lililotoa jibu. Viwimbi vya LM2596 hubaki kwenye kHz 150 hata ukiongeza kapasita wa aina gani. Mtikisiko unaoshuka masafa kadiri kapasitansi inavyoongezeka unazaliwa ndani ya kitanzi cha mrejesho.

Ukinzani ambao mrejesho hauwezi kuuficha

Tumezoea kufundishwa kwamba bafa ina ukinzani wa kutokea unaokaribia sifuri. Ni kweli kwa DC. Opampu ina ukuzaji mkubwa sana kwenye masafa ya chini, na mrejesho hutumia ukuzaji huo kuugawanya ukinzani halisi wa transista za kutokea. Ukinzani wenyewe, tuuite Ro, bado umo ndani ya chipu, mfululizo na mlango wa kutokea. Ukuzaji unapungua kadiri masafa yanavyopanda, na nguvu ya mrejesho ya kuuficha Ro inapungua nao. Pale ambapo ukuzaji wa kitanzi umebaki 1, Ro anaonekana karibu mzima. Kwa bahati mbaya, hapo ndipo hatima ya uthabiti inapoamuliwa.

Ndani ya MCP6002 kuna kapasita wa fidia anayefanya ukuzaji upungue mara 10 kila masafa yakipanda mara 10, hadi kufikia 1 kwenye MHz 1. Fidia hiyo inaichelewesha ishara kwa nyuzi 90. Mrejesho ukichelewa nyuzi 180 huku ukuzaji wa kitanzi ukiwa bado 1, kile kilichopaswa kupunguza kosa kinaanza kuliongeza. Akiba ya fezi ni nyuzi zilizobaki kabla ya kufika 180, zikipimwa pale ambapo ukuzaji wa kitanzi ni 1. Bila mzigo, opampu hii ina akiba ya nyuzi 90 hivi, na karatasi yake ya data inasema hivyo. Ukining'iniza kapasita kwenye mlango wa kutokea, Ro na kapasita huyo wanakuwa kichujio cha RC kilichokaa ndani ya kitanzi, kabla ya mahali ambapo mrejesho unachukuliwa. Kichujio cha RC kinaweza kuongeza hadi nyuzi 90 nyingine za kuchelewa. Bafa iko hatarini zaidi ya kikuzaji kingine chochote kwa sababu inarudisha ishara yote bila kuigawa, hivyo kitanzi chake kina ukuzaji mkubwa kuliko vyote na kinavuka 1 kwenye masafa ya juu zaidi, mahali kichujio kimeshakula fezi nyingi.

Karatasi ya data ya MCP6002 haitoi Ro waziwazi katika jedwali lake, lakini inatoa kitu kinachotosha kumpata: akiba ya fezi inabaki nyuzi 45 kwa mzigo wa pF 500. Akiba ikishuka kutoka 90 hadi 45, kichujio cha Ro na pF 500 kimeongeza nyuzi 45, na RC hufanya hivyo kwenye masafa yake ya kona tu. Kwenye kona hiyo pia hupunguza ukubwa hadi 0.707, kwa hiyo kitanzi kinavuka 1 kwenye kHz 707 badala ya MHz 1. Basi:

```
Ro = 1 / (2π · 707 kHz · 500 pF) ≈ 450 Ω
```

Ni makadirio, na kwenye opampu za CMOS Ro si rizista safi kwa masafa yote. Hata hivyo yanatosha kuanzia, na tutaona kwamba osiloskopu iliyakubali.

Sasa mzigo wetu. RG-58 ina karibu pF 100 kwa mita, kwa hiyo mita 30 ni nF 3. Kwenye masafa haya urefu wa wimbi ndani ya kebo ni karibu kilomita moja, hivyo kebo ya mita 30 ni kapasita wa kawaida na hatuna haja ya kuzungumzia uakisi wa mawimbi wala Ω 50 za kebo. Ukijumlisha nF 6.8 ya mwishoni tunapata karibu nF 10. Kona ya Ro na nF 10 iko kwenye kHz 35. Kitanzi kinavuka 1 kwenye kHz 186, mbali sana juu ya kona hiyo, na kichujio kimekula nyuzi 79. Akiba imebaki nyuzi 11. Kwa akiba hiyo kupitiliza kwa ukingo kunatarajiwa kuwa asilimia 74, na mtikisiko wa karibu kHz 187. Osiloskopu ilionyesha asilimia 70 na kHz 180.

Kuna njia nyingine ya kuliona jambo hili hili, na mimi naipenda zaidi kwa sababu inaelekeza moja kwa moja kwenye tiba. Ukinzani wa kutokea wa bafa unapanda sambamba na masafa, na kitu ambacho ukinzani wake hupanda hivyo ni koili. Mzigo unaiona bafa kama koili ya thamani hii:

```
L = Ro / (2π · 1 MHz) ≈ 72 µH
```

Koili ya µH 72 na kapasita wa nF 10 hupatana mlio, yaani hutikisika kwa masafa yao ya asili, kwenye kHz 188, masafa yale yale tuliyoyapata kwa hesabu ya fezi. Sasa inaeleweka kwa nini kuongeza nF 10 nyingine kulishusha mtikisiko kwa kipeuo cha pili: kapasita mara mbili, masafa yanagawanywa kwa 1.41.

Hapa pia LM2596 anaingia upya kama mchochezi. Saketi yenye mlio kwenye kHz 188 inakuza chochote kilicho jirani, na kwenye kHz 150 bafa yetu, iliyopaswa kukuza kwa 1, inakuza kwa karibu 2.5. Viwimbi vya mV 25 vilivyopenya hadi mlango chanya vilitoka nje vikiwa mV 60. Ndiyo ile ngazi 12 au 13 ya ADC.

Na nF 100? Iliteremsha mlio hadi karibu kHz 60, mbali chini ya kHz 150, kwa hiyo viwimbi vya LM2596 vikapunguzwa na namba zikatulia. Lakini akiba ya fezi ilishuka hadi karibu nyuzi 3, na muda wa mtikisiko kufifia ukaongezeka mara kumi, kutoka mikrosekunde 9 hadi 90. Kila kishindo cha pampu kiliigusa saketi ambayo haikuwa na uwezo wa kujituliza. Kapasita aliyeonekana kuponya usomaji alikuwa ameudhoofisha mzunguko.

Rizista ya Ω 100 na mahali pake

Koili na kapasita wanaolia hutulizwa kwa rizista ya mfululizo, na thamani ya kuanzia ni kipeuo cha pili cha L gawa kwa C. Kwa µH 72 na nF 10 ni Ω 85. Ilichukuliwa rizista ya Ω 100, thamani ya kawaida iliyo juu yake kidogo. Inalehemiwa kati ya mguu wa kutokea wa opampu na kebo, huku mrejesho ukiendelea kuchukuliwa kwenye mguu wenyewe, kabla ya rizista.

Kinachofanyika ndani ya kitanzi ni hiki. Kwenye masafa ya juu kapasita anakuwa kama waya wa moja kwa moja kwenda ardhini, lakini sasa kati yake na mguu wa opampu kuna Ω 100. Mrejesho hauzimwi tena. Unabaki mgawanyo wa Ω 100 dhidi ya jumla ya Ω 550. Mgawanyo wa rizista mbili hauicheleweshi ishara. Kwa hiyo kuchelewa kunaanza kwenye kHz 29, kona ya Ω 550 na nF 10, halafu kunaanza kurudishwa kuanzia kHz 159, kona ya Ω 100 na nF 10. Kitanzi kinavuka 1 kwenye kHz 222, na hapo kona ya kwanza imechukua nyuzi 83 huku ya pili ikirudisha 54. Akiba inakuwa nyuzi 62. Ukitumia Ω 47, kurudishwa kunaanza kwenye kHz 339, juu ya mahali kitanzi kinapovukia, na akiba inafika nyuzi 39 tu: afadhali, lakini bado unaona vilima viwili vitatu baada ya kila ukingo.

Mahali pa rizista ni muhimu kuliko thamani yake, na nimeona bodi mbili tofauti zikikosea hapa kwa njia mbili tofauti. Ya kwanza ni kuiweka mwishoni mwa kebo, karibu na kapasita wa ADC, kwa kuwa huko ndiko kuna nafasi. Hapo inatenga nF 6.8, lakini nF 3 za kebo bado zimening'inia kwenye mguu wa opampu, na hesabu ya nF 3 peke yake inatoa akiba isiyozidi nyuzi 20. Ya pili ni mbaya zaidi na huonekana kama usahihi: mchoraji anachukua mrejesho baada ya rizista ili kufuta kosa la volti linaloletwa nayo. Rizista basi inajumlika na Ro bila kurudisha nyuzi hata moja, inakuwa Ω 550 mahali pa 450, na akiba inashuka kutoka nyuzi 11 hadi 10.

Jambo ambalo hesabu ya mzigo mmoja haikuonyeshi ni kwamba nF 10 si mzigo mgumu kuliko yote ukishaweka rizista. Kona mbili zinasogea pamoja kapasitansi ikibadilika, na uwiano wao unabaki 550 kwa 100. Kuchelewa kukubwa kabisa kunakowezekana kati yao ni nyuzi 44. Maana yake akiba haiwezi kushuka chini ya nyuzi 46, uwe na mita 5 au mita 200 za kebo. Hali ngumu kuliko zote inatokea kwenye karibu nF 1.6, yaani mita 16 za kebo bila kapasita mwishoni. Kwa hiyo bodi iliyopimwa na mita 30 haijapimwa kikamilifu. Unganisha nF 1.5 mezani, piga wimbi mraba, na uangalie kwenye mguu wa opampu. Usiangalie upande wa kebo, maana huko rizista na kapasita wanachuja na kuupamba mkunjo ambao ungekuonya.

Rizista ina gharama yake. Ile kΩ 10 ya chumbani sasa inagawana volti na Ω 100, na usomaji unashuka kwa asilimia 1. Tangi likijaa, hiyo ni karibu mV 46, zaidi kidogo ya sentimita moja ya maji: karibu sawa na kosa tulilokuwa tunalikimbia, isipokuwa hili halitikisiki. Unaweza kulisahihisha kwenye programu kwa sababu ni uwiano usiobadilika. Hapa ilikuwa rahisi zaidi kubadili kΩ 10 kuwa kΩ 100. Usomaji bado unashuka kebo ikikatika, na kosa linakuwa asilimia 0.1. Mzigo ungekuwa unakula mkondo kweli, kwa mfano kipimo cha mshale, njia hii isingetosha. Ungelazimika kuchukua mrejesho wa DC kwenye kebo kupitia rizista, na mrejesho wa masafa ya juu kwenye mguu wa opampu kupitia kapasita mdogo.

Kwa kuwa ADC haichukui mkondo wa maana na maji hayabadiliki kwa kasi, unaweza kuuliza kwa nini tusiweke kΩ 1 na kuchuja kila kitu kwa pamoja. Kwa uthabiti hakuna tatizo. Akiba inazidi kuwa nzuri rizista ikikua. Lakini kosa la mgawanyo linarudi kwenye asilimia 1 hata kwa kΩ 100, na mimi napendelea kazi mbili zifanywe na vipande viwili. Baada ya Ω 100, viwimbi vya kHz 150 havikuzwi tena kwa 2.5 bali vinapita kwa 0.9 hivi. ADC bado iliruka ngazi 4 au 5, na hizo ni za LM2596 kihalali. Zikaondolewa kwa kichujio cha kΩ 10 na nF 100 kabla ya mlango chanya, chenye kona ya Hz 159. Mpangilio huu una sababu: kichujio hicho kikitangulia kuwekwa, viwimbi vingetoweka, namba zingetulia, na bafa ingebaki na nyuzi 11 zake ikisubiri pampu iwake.

Baada ya mabadiliko yote, wimbi mraba la mV 100 likaingizwa tena moja kwa moja kwenye mlango chanya, kichujio kipya kikiwa kimetenganishwa kwa muda, mara moja kwa mzigo kamili na mara moja kwa nF 1.5. Kwa nF 1.5 kulikuwa na kilima kimoja kinachoonekana wazi baada ya ukingo, kisha utulivu. Kwa kebo kamili kilima kilikuwa kidogo zaidi. Pampu ikawashwa na kuzimwa wakati ADC inasoma, na usomaji haukuruka zaidi ya ngazi moja.